Umri wa Jivu la Olduvai Ulihesabiwaje

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanganyika, Mary Leakey aliona mfupa uliojitokeza kwenye mteremko. Ulikuwa sehemu ya fuvu ambalo dunia ililijua kwa jina la Zinjanthropus. Mumewe, Louis, alikadiria kwamba lina miaka kama 600,000. Mwaka 1961, Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walichapisha pamoja naye jibu lililowashangaza wengi: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya mwanzo.

Hawakulipima fuvu lenyewe. Walipima majivu ya volkano yaliyolala katika matabaka ya bonde hilo, maana kitu kilichofukiwa kati ya tabaka mbili za majivu ni kichanga kuliko tabaka la chini na ni kikongwe kuliko la juu. Kutoka kwenye jivu hadi kwenye miaka kuna mlinganyo wa mstari mmoja, ambao mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuufungua kwenye nusu ukurasa wa daftari. Kugumu ni kule kwenye mstari wa mwisho, mahali ambapo hesabu inauliza swali ambalo haiwezi kujijibu yenyewe.

Tuanze na madini. Majivu ya volkano huwa na fuwele za feldispa, na ndani ya fuwele hizo mna potasiamu, ile ile iliyomo kwenye ndizi na kwenye mbolea. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani, takriban atomu moja katika kila 8,500, ni ya aina iitwayo potasiamu-40. Atomu hii haijatulia. Siku moja, bila kusukumwa na joto wala baridi wala mgandamizo, hugeuka kuwa kitu kingine. Hakuna awezaye kusema atomu fulani itageuka lini. Lakini zikiwa nyingi, jambo moja huwa la uhakika: idadi inayogeuka kwa mwaka hutegemea idadi iliyopo. Zikiwepo mara mbili, zitakazogeuka ni mara mbili. Zikibaki nusu, zitakazogeuka ni nusu.

Tuiite idadi iliyopo N, na muda t. Sentensi ile ikiandikwa kihisabati inakuwa hivi:

dN/dt = −kN

Upande wa kushoto ni kasi ya N kubadilika kadiri muda unavyokwenda. Upande wa kulia unasema kasi hiyo ni sehemu maalumu, k, ya N yenyewe, na alama ya kutoa inaonyesha kwamba N inapungua. Mlinganyo wa namna hii huitwa mlinganyo tofautishi. Hautupi N moja kwa moja. Unatueleza tu jinsi N inavyobadilika kila kitambo, na kazi yetu ni kuitafuta N iliyo nyuma ya mabadiliko hayo.

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua kasi ya leo na kuizidisha kwa idadi ya miaka. Haifai, kwa sababu kasi yenyewe hupungua kadiri atomu zinavyopungua. Kasi ya mwaka jana haikuwa ya mwaka huu. Inabidi tujumlishe vipande vidogovidogo vya mabadiliko, kila kipande kwa kasi yake, na huko ndiko kuintegreti.

Lakini huwezi kuintegreti upande wa kulia ukiwa bado na N ndani yake, maana N hubadilika na muda kwa namna usiyoijua. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Bahati nzuri mlinganyo huu ni wa aina inayotenganishika. Kila kilicho cha N kinaweza kupelekwa upande mmoja, na kila kilicho cha t upande mwingine. Gawanya pande zote kwa N, kisha peleka dt kulia:

dN/N = −k dt

Wapo wanaokereka wakiona dt ikihamishwa kana kwamba ni namba ya kawaida, na wana haki kidogo. Kinachofanyika hasa ni hiki: umegawanya kwa N, ukapata (1/N)(dN/dt) = −k, halafu unaintegreti pande zote mbili kwa kufuata muda. Kanuni ya kubadilisha kigeu inakuhakikishia kwamba upande wa kushoto unageuka kuwa integrali ya 1/N kwa kufuata N. Kuhamisha dt ni njia fupi ya kuandika jambo hilo, na kwa sababu haidanganyi, walimu wameiacha.

Sasa kila upande una kigeu kimoja tu. Integrali ya 1/N ni logi asilia ya N. Integrali ya −k ni −kt. Basi:

ln N = −kt + C

Ile C ndiyo sehemu ya hesabu inayodharauliwa kupita zote. Kila tunapointegreti hujitokeza konstanti, kwa sababu kujua jinsi kitu kinavyobadilika hakukuambii kilianzia wapi. Ukijua kwamba mtu ametembea kilomita kumi kwenda kusini, hujajua bado yuko mji gani. Kila upande ungetoa konstanti yake, lakini mbili zikikutana huwa moja, kwa hiyo tunaandika moja tu.

Hapa ndipo madaftari mengi huharibika. Mwanafunzi anaisahau C, anaondoa logi, anapata N = e^(−kt), kisha anakumbuka kwamba kulitakiwa kuwe na konstanti na kuibandika mwishoni: N = e^(−kt) + C. Inaonekana nadhifu na si sahihi. Namna ya kuligundua kosa ni kulirudisha jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo. Kasi ya mabadiliko ya e^(−kt) + C ni −k e^(−kt), ilhali mlinganyo unadai iwe −k mara jibu zima, yaani −k e^(−kt) − kC. Hazilingani isipokuwa C ikiwa sifuri. Konstanti inatakiwa iingie palepale integrali inapofanyika, kabla ya kuondoa logi. Ikiingia hapo, hutoka nje ikiwa kizidisho, si kijumlisho.

Kuna jambo jingine linalopita kimyakimya. Tulipogawanya kwa N tulichukulia kwamba N si sifuri. Lakini N = 0 nayo inaukidhi mlinganyo wa awali: pasipo na atomu hapana kinachogeuka. Jibu hilo hupotea wakati wa kutenganisha, na inabidi ulirudishe kwa mkono. Kwa mwamba wenye potasiamu halina kazi. Katika milinganyo mingine jibu lililopotea namna hiyo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Turudi kwenye C. Tuseme wakati t = 0 palikuwa na atomu N₀. Tukiweka t = 0 kwenye mstari wetu, tunapata ln N₀ = C. Tukiirudisha C mahali pake na kuondoa logi:

N = N₀ e^(−kt)

Hilo ndilo sharti la mwanzo likifanya kazi yake: ule usemi kuhusu hali ya mambo saa ilipoanza kuhesabu huchagua mchoro mmoja kati ya michoro isiyo na idadi. Na k tunaijua kutoka maabara. Nusu ya potasiamu-40 hutoweka katika miaka bilioni 1.25, kwa hiyo k ni ln 2 kugawa kwa bilioni 1.25. Tunachokitumia zaidi ni kinyume chake, 1/k, ambacho ni takriban miaka bilioni 1.803.

Kwenye kitabu cha mazoezi, hapo hesabu imekwisha. Swali lingesema "mwanzoni palikuwa na gramu 20" na wewe ungeweka 20. Jivu la Olduvai halikuandikiwa swali. N tunaweza kuipima leo, lakini N₀, idadi ya atomu siku volkano ilipolipuka, hakuna aliyekuwepo kuihesabu.

Wanajiolojia hulizunguka tatizo hilo kupitia kile kinachozaliwa. Katika kila atomu 1,000 za potasiamu-40 zinazogeuka, takriban 893 huwa kalisi na 107 huwa gesi ya agoni. Kalisi haisaidii, kwa sababu mwamba una kalisi tele ya asili na huwezi kuijua ipi ni mtoto na ipi ni mwenyeji. Agoni ni tofauti. Ni gesi isiyoshikamana na kitu chochote. Mwamba ukiwa umeyeyuka hutoka na kupotea hewani, kama gesi inavyoikimbia soda iliyopashwa moto. Mwamba ukishapoa na fuwele kufunga, agoni inayozaliwa ndani haina pa kutokea, hivyo hukaa humo ikisubiri.

Kumbe basi hatuihitaji N₀ tena. Atomu zilizokuwepo mwanzo ni zile zilizobaki jumlisha zile zilizogeuka. Zilizogeuka tunazijua kupitia agoni, maana agoni, tuiite A, ni 0.107 ya zilizogeuka. Ukipanga upya fomula ya juu unapata umri:

t = (1/k) × ln(1 + (A/N)/0.107)

Tuijaribu kwa namba nilizozichagua ziwe rahisi kufuata. Tuseme katika fuwele, kwa kila atomu milioni moja za potasiamu-40, maabara imekuta atomu 104 za agoni. A/N ni 0.000104. Gawa kwa 0.107 upate 0.000972. Logi asilia ya 1.000972 ni 0.0009715. Zidisha kwa bilioni 1.803, na unapata miaka milioni 1.75.

Msomaji mwenye jicho kali ataona kwamba logi haikufanya kazi kubwa hapa; 0.000972 imekuwa 0.0009715, tofauti ya unywele. Ni kweli. Kwa mwamba mchanga kama wa Olduvai, kasi ya kugeuka haijapata muda wa kupungua, na yule aliyezidisha kasi kwa miaka angefika karibu palepale. Peleka fomula kwenye mwamba ambao nusu ya potasiamu-40 yake imeshageuka, ndipo utakapoona. Logi inasema miaka bilioni 1.25, kuzidisha tu kunasema bilioni 1.8. Makosa ya zaidi ya miaka milioni 500 si unywele.

Sasa angalia tulichokiingiza kimyakimya. Tulisema agoni yote iliyokutwa ilizaliwa ndani ya fuwele, maana yake agoni ya mwanzo ilikuwa sifuri. Kwa herufi, A = 0 wakati t = 0. Hili ndilo sharti la mwanzo la kweli katika kazi hii yote. Halikutoka kwenye kalkulasi. Ni madai kuhusu volkano: kwamba iliyeyusha kila kitu, ikapoteza agoni yote, na saa ikaanza kutoka sifuri.

Madai hayo yakikosea kidogo, jibu hukosea sana. Chukua fuwele yetu, na tuseme atomu 10 kati ya zile 104 zilikuwemo tangu mwanzo, zimenaswa kutoka kwenye lava. Atomu 10 kwa kila milioni ni kitu cha kupuuzwa katika mambo mengi. Hapa zinaongeza miaka kama 169,000 ambayo haikuwahi kupita. Na fomula haitalalamika. Itakupa jibu lenye tarakimu nyingi na sura ya kuaminika, kwa sababu hatua zote za kutenganisha na kuintegreti ziko sawa.

Chanzo cha kawaida cha agoni ya ziada ni hewa yenyewe, ambayo karibu asilimia moja yake ni agoni. Ile hushika kwenye nyufa za mwamba na hata kwenye kuta za mitambo ya maabara. Hiyo inatambulika. Hewa huja na aina nyingine ya agoni, agoni-36, ambayo haizaliwi na potasiamu. Kwa kila atomu moja ya agoni-36 hewani kuna karibu 300 za agoni-40. Maabara huhesabu agoni-36, huizidisha, na kuitoa sehemu ya hewa. Kigumu zaidi ni pale jivu linapochanganyika na chembe za miamba mikongwe ambazo hazikuyeyuka kamwe.

Hayo yalitokea Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana nchini Kenya. Kuna tabaka la jivu liitwalo KBS, kwa heshima ya mwanajiolojia Kay Behrensmeyer. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya Richard Leakey ilipeleka sampuli zake Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Vipimo vya kwanza vilileta umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Hakuna aliyehitaji kubishana: tabaka lililokuwa na masalia ya tembo na nguruwe haliwezi kuwa la enzi za dinosaria. Chembe kongwe zilikuwa zimeingia na kuleta agoni yao. Walichambua upya, wakachagua fuwele zilizoonekana safi, na mwaka 1970 wakachapisha miaka milioni 2.6.

Jibu hili lilikuwa la hatari zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilikuwa linawezekana. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona, chini ya tabaka hilo, vipande vya fuvu lililopewa namba KNM-ER 1470. Kama jivu lilikuwa na miaka milioni 2.6, fuvu lilikuwa kongwe zaidi, na likatangazwa kuwa na karibu milioni 2.9: kiumbe mwenye ubongo mkubwa, wa zamani kuliko ilivyodhaniwa. Waliolitilia shaka hawakuwa wataalamu wa agoni bali wa nguruwe. Basil Cooke alikuwa amefuatilia jinsi meno ya nguruwe wa kale yalivyobadilika zama kwa zama, na nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wale wa Bonde la Omo nchini Ethiopia, kwenye matabaka ya takriban miaka milioni mbili tu. Mwaka 1975 Curtis, yuleyule wa Olduvai, na wenzake walitoa umri mdogo zaidi, chini ya milioni mbili. Ubishi uliendelea miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipimo vipya, vikiwemo vya Ian McDougall wa Australia, vilitua kwenye milioni 1.88, na fuvu 1470 likashushwa nalo.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyesema dN/dt = −kN ina kasoro. Kambi zote zilitumia mlinganyo mmoja na njia moja ya kuufungua. Walichogombania ni kipi kilikuwemo ndani ya fuwele wakati t = 0.

Upo ujanja wa kuifanya fuwele yenyewe iseme. Usichukulie kwamba agoni ya mwanzo ni sifuri. Iache iwe namba isiyojulikana, halafu pima zaidi ya fuwele moja kutoka jivu lilelile. Kwa mfano rahisi, fuwele ya kwanza ina atomu milioni moja za potasiamu-40 na 114 za agoni. Ya pili ina milioni mbili za potasiamu-40 na 218 za agoni. Ukishikilia sharti la sifuri, ya kwanza itakuambia miaka milioni 1.92 na ya pili milioni 1.84. Jivu moja halina siku mbili za kuzaliwa, na kutokubaliana huko ndiyo dalili ya kwanza kwamba sharti la mwanzo si sahihi.

Sasa toa moja kutoka nyingine. Potasiamu-40 imeongezeka kwa milioni moja, na agoni kwa 104. Kile kilichonaswa tangu mwanzo, kikiwa sawa katika fuwele zote mbili, kimejifuta chenyewe kwenye kutoa. Hizo 104 kwa milioni ni mazao ya muda peke yake, na tunajua maana yake: miaka milioni 1.75. Ukirudi kwenye fuwele ya kwanza, 114 toa 104 ni 10, na hapo umeisoma agoni ya mwanzo badala ya kuikisia. Maabara hufanya hivyo kwa fuwele nyingi, kwa kulinganisha kila kipimo na agoni-36, na kuzichora kwenye grafu moja. Mwinamo wa mstari hutoa umri, na pale mstari unapokata mhimili ndipo penye hali ya mwanzo. Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari mmoja, ama fuwele hazikuzaliwa siku moja, ama baadhi zimevujisha agoni yake njiani, na mtaalamu mwangalifu huirudisha sampuli kwenye darubini kabla ya kuandika umri wowote.